Mada: Kuondoka kwangu tarehe 31 Machi, na nani anashika nini

Ndugu wafanyakazi wenzangu wa Kome, Nyakaliro na Mwanza,
Ndugu wawekezaji na wajumbe wa bodi,

Salaam.

Tarehe 31 Machi 2026 itakuwa siku yangu ya mwisho kama Mkurugenzi wa Uendeshaji. Siku hiyo hiyo nitatoka pia kwenye bodi. Kaka Masanja, ambaye tulianzisha naye kampuni hii mwaka 2022, anaendelea kuwa Mkurugenzi Mtendaji kama alivyo leo.

Sababu ni ya nyumbani. Mama yangu aliyeko Bukoba alipata kiharusi mwezi Novemba. Anaendelea vizuri, namshukuru Mungu, lakini anahitaji mtu wa karibu wa kumsaidia mazoezi, dawa na safari za hospitali, na mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Nimechagua kwenda kumuuguza mwenyewe. Masanja nilimweleza kabla ya Krismasi, na bodi ikajulishwa mwezi Januari ili tupate muda wa kukabidhiana bila haraka. Najua mwanzilishi akiondoka maneno hayakosi, hasa pale mwaloni Kirumba ambako habari hufika kabla ya gari. Kwa hiyo mlisikie kwangu: mimi na Masanja hatujagombana, sijafukuzwa, wala hakuna kampuni nyingine inayonisubiri.

Nimeiandika barua hii wiki hii kwa makusudi. Ni mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa iko nchi kavu, na wenzetu wa Kome wana nafasi ya kukaa, kusoma na kuuliza. Giza likirudi hakuna atakayekuwa na muda wa kumsikiliza mtu anayeaga.

Nianze na kazi yenyewe. Kuanzia tarehe 1 Aprili uendeshaji wote utakuwa chini ya Dada Neema. Wengi mnamfahamu kama msimamizi wa ufungashaji Mwanza, lakini wa Kome mnajua kwamba tangu katikati ya Januari yeye ndiye anayepanga magari, anayezungumza na viongozi wa mialo na anayeidhinisha manunuzi ya kila siku. Nilikaa kando nikamtazama. Mvua ya mwezi uliopita ilipokuja mchana, vichanja vikiwa vimejaa, aliamua ndani ya dakika chache mzigo upi uingie kwenye makaushio ya jua na upi ufunikwe turubai, na tukauokoa karibu wote. Aliufanya uamuzi huo bila kunipigia. Hilo ndilo nililokuwa nangoja kuliona, na ndiyo maana naondoka nikiwa na amani.

Kituo cha Kome kinabaki kwa Bwire, na mamlaka yake yanaongezeka: ataweza kununua matengenezo ya vichanja na makaushio mpaka shilingi 800,000 kwa mwezi bila kusubiri idhini ya Mwanza. Masika imeshaanza kunukia. Neti ya kichanja ikichanika Jumamosi, haifai kungoja saini ya Jumatatu. Baraka anaendelea na hesabu, na benki imeshakamilisha kumweka kuwa mtia saini wa pili badala yangu, pamoja na Masanja. Hundi na malipo makubwa bado yatahitaji saini mbili. Mabadiliko ya wakurugenzi yatawasilishwa BRELA mara tu nitakapotoka. Fomu zipo tayari kwa mwanasheria wetu, na mimi nimeshatia saini yangu.

Wafanyakazi, mikataba yenu ni ya kampuni, si yangu. Mishahara, michango ya NSSF, likizo mlizojipangia na posho ya usiku ya wapokeaji wa mzigo vinabaki vile vile. Mshahara wa Machi utalipwa tarehe yake ya kawaida, na wa Aprili pia. Wale watatu ambao muda wenu wa majaribio unaishia Mei, tathmini zenu nimeziandika zote na kumkabidhi Neema. Hamtaanza upya kwa sababu bosi amebadilika.

Kwa wawekezaji, nieleze la hisa kwa uwazi, kwa kuwa najua ndilo swali la kwanza. Mkataba wa wanahisa wa Aprili 2023 ulinipa asilimia 24, zikiiva kidogo kidogo kwa miaka minne. Hadi siku ninayoondoka miaka mitatu itakuwa imetimia, hivyo asilimia 18 ni zangu na asilimia 6 zinarudi kwa kampuni. Bodi imekubali pendekezo langu na la Masanja kwamba asilimia hizo 6 ziwekwe kwenye fungu la hisa za wafanyakazi. Asilimia 18 ninazobaki nazo sitaziuza. Nimesaini ahadi ya miezi 24 ya kutouza hata hisa moja, na baada ya hapo wanahisa waliopo ndio watakaoulizwa kwanza, kama mkataba unavyotaka. Nimesaini pia kwamba kwa muda huo huo sitafanya wala kuwekeza katika biashara ya dagaa kwenye mialo tunayonunulia.

Kuna dhamana binafsi niliyoiwekea mkopo wa gari la Nyakaliro. Marejesho ya mwisho ni Septemba mwaka huu. Sijaomba benki initoe, na sitaomba. Itabaki pale hadi deni liishe.

Fedha zilizopo, kwa matumizi ya sasa, zinatosha miezi 13. Baraka ameambatisha hesabu za mwisho wa Februari. Naomba mzitazame mkikumbuka jinsi biashara hii inavyopumua: mapato yetu hayashuki kwa bahati mbaya kila mwezi, yanashuka kwa sababu mwezi ukiwa mpevu dagaa hawakusanyiki kwenye taa na wavuvi hawaingii ziwani. Ndiyo maana tuna akaunti ya akiba ya mbalamwezi, ambayo kila wiki ya giza inaingiziwa fungu la kulipia mishahara na mafuta ya wiki ya mwanga. Mbalamwezi ya mwanzo wa Aprili itakuwa ya kwanza bila mimi, na fedha zake zimeshawekwa kando. Masika nayo ni msimu mgumu kila mwaka. Kwa waanikaji wa mchangani mvua ina maana dagaa kuoza au kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Makaushio sita tuliyonayo hayatoshi kupokea mzigo wote wa Kome mvua ikishika siku nzima, na mpango wa kuongeza manne kabla ya vuli haujaguswa. Mafundi wamelipwa malipo ya awali.

Wateja wakubwa wote wamejulishwa. Maduka ya Mwanza na Dar es Salaam tunayoyauzia pakiti yamekutana na Neema, na wafanyabiashara wa Kirumba wanaopeleka magunia Kongo walishazoea kushughulika na Masanja. Kibali cha alama ya ubora ya TBS ni cha kampuni na bidhaa zake. Hakiondoki na mtu.

Sasa niseme lililo moyoni mwangu zaidi, na hili nawaambia wote, wa kituoni na wa bodi.

Tulipofika Kome mara ya kwanza, kina mama waanikaji hawakutuuliza tuna teknolojia gani. Waliuliza mambo mawili: mtapima kwa kipimo gani, na mtalipa lini? Walikuwa wamezoea beseni la mnunuzi ambalo halijulikani ujazo wake, gunia la lumbesa linalolipwa kama gunia moja, na fedha ya "nikirudi wiki ijayo". Kichanja kilikuwa na faida waliyoiona kwa macho, kwa kuwa dagaa wa kichanja hawana mchanga na hukauka mapema. Lakini kilichowafanya watuletee mzigo, na wakaendelea kutuletea hata pale mnunuzi mwingine alipopandisha bei kwa siku mbili tatu, ni mzani wenye stika ya Wakala wa Vipimo uliowekwa mahali kila mtu anaona namba, na malipo yanayoingia kwenye simu yake kabla hajaondoka kituoni.

Sitakuwepo kwenye vikao vya bajeti, kwa hiyo naomba sasa. Itafika siku fedha zitabana, na mtu mwenye nia njema atapendekeza tuwalipe waanikaji baada ya siku saba ili kupata nafasi ya kupumua. Kwenye karatasi itaonekana ni nafuu kubwa. Msifanye hivyo. Punguzeni safari, ahirisheni gari, nipigieni hata mimi nichangie mawazo, lakini malipo ya siku hiyo hiyo yasiguswe. Mama aliyekopa fedha asubuhi kununua dagaa wabichi kwa mvuvi anadaiwa jioni. Tukimchelewesha, deni letu analibeba yeye, na tutakuwa kama wale tuliowakuta. Masanja analiamini hili kama mimi, na tumeiomba bodi iliandike kwenye kanuni za manunuzi. Limeandikwa tangu kikao cha Februari.

Masanja, kaka yangu, tulianza tukiwa na mzani mmoja wa kuazima na pantoni ya Kigongo ikitulaza njiani na mzigo. Leo gari letu linapita darajani. Umenivumilia nikiwa mkali, na siku nilipotaka kuacha kwa uchovu ulinipa wiki ya kupumzika bila kuniuliza swali. Kampuni iko kwenye mikono ninayoiamini kuliko yangu. Bwire, asante kwa kila usiku uliokesha ukipokea mzigo. Mama Pendo na kina mama wote wa kikundi, barua hii haitawafikia kwenye simu, kwa hiyo nimemwomba Bwire awasomee, na nitakuja Kome mwenyewe kuwaaga kabla mwezi haujaisha. Ndugu wawekezaji, mliweka fedha zenu kwenye samaki mdogo ambaye wengi walimdharau, na hamkuwahi kutushinikiza tumpunje mwanikaji ili hesabu zipendeze. Nawashukuru kwa dhati.

Hadi mwisho wa Septemba nitakuwa mshauri bila malipo. Neema na Masanja wana ruhusa ya kunipigia siku yoyote; wengine naomba mpitie kwao, ili uamuzi ubaki mahali pake. Nywila zote za mifumo ya kazi zitabadilishwa jioni ya tarehe 31, na simu ya ofisi nitaikabidhi kwa Baraka.

Ijumaa hii tarehe 6 Machi tutakutana wote: Mwanza ofisini na Kome kituoni saa nane mchana, tukiunganishwa kwa video. Wawekezaji na bodi tutazungumza siku hiyo hiyo saa kumi jioni. Baraka atawatumia kiungo. Njooni na maswali yote, hata yale mnayoona ni magumu kuyauliza mbele yangu. Asiyetaka kuuliza hadharani amwandikie Neema kabla ya Alhamisi jioni, na nitayajibu yote siku ya Ijumaa.

Wenu,
Restituta
Mwanzilishi mwenza na Mkurugenzi wa Uendeshaji
Mwanza, 2 Machi 2026

Kiambatisho: Hesabu za Februari 2026, orodha ya makabidhiano