Chini ya Mkungu: kitabu changu cha kwanza cha mashairi

Ndugu, jamaa na marafiki, kitabu mnachokiona pichani, kilicholazwa juu ya bati la kuchomea korosho, ni changu. Kinaitwa Chini ya Mkungu, kina mashairi 26 katika kurasa 52, na kimetoka wiki hii. Nimeona haya kukitangaza, kwa sababu wengi wenu mnanifahamu kwa kazi ya ghala, ya kuandika uzito wa magunia na kutunza kumbukumbu za stakabadhi, wala sijapata kuwaambia kwamba usiku huandika mashairi. Hata hivyo furaha niliyo nayo ni kubwa kuliko haya, na jina lililo kwenye jalada ni langu kweli.

Mashairi haya yanahusu wabanguaji wa korosho wa majumbani, hasa akina mama wa Newala, Tandahimba na vijiji vya huku kwetu Mtwara. Tumezoea kuizungumzia korosho kwa bei ya mnada na kwa tani zinazosafirishwa zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, na mazungumzo hayo yana haki yake, kwani ndiyo yanayoendesha maisha ya mkoa. Lakini ile inayobaki nyumbani, inayochomwa uani na kuuzwa kwa abiria kwenye stendi katika vifuko vya nailoni, ina watu wake, na watu hao sikuwaona wakiandikwa. Mama yangu mzazi ni mmoja wao. Kwa korosho za kubangua alitusomesha.

Atakayekisoma kitabu ataiona kazi yenyewe jinsi inavyofanyika. Bati lenye matundu huwekwa juu ya mafiga, korosho zikamiminwa na kukorogwa kwa mti mrefu, kwa kuwa mafuta ya ganda yanaporuka humbabua mtu papo hapo. Yakishika moto, ndimi hupanda na moshi mweusi hutanda uani, kisha korosho humwagwa chini na kufukiwa kwa majivu au mchanga ili moto uzimike na mafuta yanyonywe. Baada ya hapo mbanguaji huketi na kuipiga kila korosho kwa jiwe, moja moja, kwa nguvu ya kuvunja ganda bila kuvunja kiini, kwa sababu korosho nzima ina bei yake na vipande vina bei yake. Shairi la nne lote linahusu pigo hilo la jiwe. Nililiandika na kulifuta mara nyingi kuliko jingine lolote, na nadhani ndilo shairi bora kitabuni, ingawa uamuzi huo nawaachia ninyi.

Naweka hapa ubeti mmoja wa shairi lililokipa kitabu jina lake:

Mama chini ya mkungu, kwa jiwe anabangua,
Utomvu una machungu, viganja waviambua,
Kalamu na ada yangu, hapo ndipo kanunua,
Nami leo wino wangu, deni lake watambua.

Baadhi ya vijana wenzangu waliosoma mswada walinishauri niache vina na mizani, wakisema kwamba mashairi huru yanasomeka kwa urahisi zaidi siku hizi. Niliwasikiliza kwa heshima, lakini nilibaki na arudhi, kwa sababu wanawake ninaowaandika hubangua huku wakiimba, na mapigo ya jiwe hufuata wimbo. Nilitaka mashairi ambayo mtu anaweza kuyaghani uani bila kushika kitabu. Kwa hiyo mengi ni tarbia, matatu ni tathlitha, na mwishoni pana utenzi mmoja mrefu kuhusu viwanda vya kubangulia vilivyojengwa kusini katika miaka ya 1970, ambavyo vingi baadaye vilisimama na vingine kugeuzwa maghala. Nimeuandika utenzi huo kwa sauti ya mwanamke aliyewahi kuajiriwa kiwandani, kisha akarudi kwenye bati na majivu. Naamini kwa dhati kwamba hasara ya viwanda vile haijasimuliwa ya kutosha, na kwamba waliopoteza zaidi ni wale ambao mikono yao tayari iliijua kazi.

Yapo pia mashairi ambayo huenda yakaleta mjadala. Moja linahusu kangomba, yaani ule ununuzi wa korosho kwa bakuli kutoka kwa mkulima mwenye shida kabla msimu haujafunguliwa. Sikulaumu tu, nilijaribu kumweka msomaji mlangoni kwa mkulima mwenye mgonjwa ndani, anayebishiwa hodi na mtu mwenye fedha taslimu. Jingine linahusu msimu wa 2018, wakati serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaja kusomba mzigo. Humo nimeandika yale yaliyosemwa vibarazani wakati wa kusubiri malipo, nikayapanga kwa vina, bila kumpendelea mtu.

Kabla kitabu hakijaenda mitamboni nilimsomea mama mashairi yote kwa sauti, kwa kuwa macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Alisikiliza huku akiendelea kuambua ngozi laini za korosho kwenye ungo, bila kuinua uso. Nilipomaliza alisema, “Hilo la nzima na vipande lirudie, mwanangu.” Nililirudia. Akaniuliza kama jina lake limo, nikamwonesha ukurasa wa tabaruku, naye akaweka kidole juu ya jina na kukiacha pale kwa muda. Basi, hiyo ndiyo tuzo yangu, na sikuwa nikitafuta nyingine.

Namshukuru mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari, aliyetufundisha kuhesabu mizani kwa kugonga dawati. Wachapaji wa Dar es Salaam waliokubali kutoa nakala chache kwa mtu asiyejulikana na waliovumilia simu zangu kuhusu kila nukta. Na wanawake wa mtaani kwetu walioniruhusu kuketi karibu na mabati yao nikiandika. Shikamooni, mama zangu. Kila palipo na neno la kazi ambalo msomaji wa mbali asingelijua, nimelieleza kwenye faharasa ya mwisho kama mlivyonieleza ninyi.

Bei ya kitabu ni shilingi 7,000. Kwa walioko Mtwara mjini, nakala ninazo nyumbani, na mnaweza kuniandikia ujumbe ili tupange mahali pa kukutana baada ya saa za kazi. Kwa walioko Lindi, Masasi na Newala, nitatuma kwa basi, na nauli ya mzigo italipwa na mpokeaji. Mwenye uwezo wa kununua nakala ya ziada kwa ajili ya maktaba ya shule iliyo karibu naye atakuwa amenifurahisha sana, nami nitaisaini nakala hiyo kwa jina la shule.

Mkishasoma, naomba mniandikie bila kunificha: shairi lipi limewagusa, kina kipi hakikukaa sawa, na kama kuna hatua ya kubangua inayofanyika tofauti kijijini kwenu. Mashairi ya kitabu cha pili nimekwisha kuyaanza, na yanahusu mabibo na wanaoyaokota.