Waraka kwa Wafanyakazi Wote: Kupunguzwa kwa Bajeti ya Mwaka 2025/26

Ofisi ya Mkurugenzi Mtendaji,
Mwanza,
Jumatatu, 8 Septemba 2025

Ndugu wafanyakazi wenzangu,

Bajeti ya shirika letu kwa mwaka unaoanza tarehe 1 Oktoba 2025 imepungua kwa asilimia 35, kutoka Shilingi milioni 2,640 hadi Shilingi milioni 1,716. Kwa sababu hiyo shirika linakusudia kufuta nafasi 11 za kazi kati ya 46 tulizonazo, kufunga ofisi ya Sengerema, na kusimamisha baadhi ya shughuli tunazozifanya vijijini. Nimeanza na habari hii bila kuizungusha kwa sababu najua kila mmoja wenu atakayeufungua waraka huu ataitafuta kwanza, na si haki kumpitisha mtu kwenye aya tatu za maamkizi ilhali moyo unamdunda.

Nieleze ilivyotokea. Mtakumbuka kwamba Januari mwaka huu Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya, na kufikia tarehe 1 Julai shirika lake la misaada likawa limeacha kabisa kuendesha miradi. Sisi hatukuwa tukipokea fedha hizo, na mwezi Februari nilisimama mbele yenu katika kikao cha wafanyakazi nikasema kwamba tuko salama. Nilikosea. Mashirika mengi yaliyokatiwa fedha yaligeukia milango ileile tunayobisha sisi, naye mfadhili wetu mkuu, ambaye ni mfuko binafsi, ameamua kuugawa mfuko wake kwa watu wengi zaidi kuliko zamani. Barua yake ilinifikia tarehe 18 Agosti. Haikulaumu kazi yenu hata kwa neno moja. Ripoti zenu zilipokelewa na kusifiwa. Fedha ndizo zilizopungua. Ninalisisitiza hili kwa sababu nisingependa mtu yeyote atoke hapa akiamini kwamba angelijituma zaidi mambo yangekuwa tofauti.

Kati ya tarehe 18 Agosti na leo ni wiki tatu, nami katika wiki hizo nilikuwa nikijua nanyi hamkujua. Nilikwenda Sengerema tarehe 21 kama ilivyopangwa. Afisa uhamasishaji mmoja alinionyesha tairi la nyuma la pikipiki yake, limelika hadi nyuzi zinaonekana, akaniuliza kwa heshima kama bajeti mpya ingeweza kumpatia jipya kabla ya mvua za vuli. Nilimjibu kwamba tutaona. Jibu lile limenikaa kooni tangu siku hiyo, na ninamwomba radhi hapa. Nilinyamaza kwa sababu Bodi ilikuwa haijakaa (ilikaa Jumamosi ya tarehe 30 Agosti) na niliogopa kuwapa nusu ya habari ambayo ingezaa uvumi. Uvumi umezuka hata hivyo, na ninakubali kwamba ukimya wangu ulichangia.

Katika waraka huu yamo mambo yaliyokwisha kuamuliwa na yamo yasiyoamuliwa, na ninawaomba myatenganishe mnaposoma.

Yaliyoamuliwa ni haya. Bajeti ni Shilingi milioni 1,716 na haitaongezeka katika mwaka huu wa fedha. Tumeandika maombi mahali pengine pawili, lakini hata tukikubaliwa fedha hizo haziwezi kufika kabla ya Oktoba mwakani, kwa hiyo naomba mtu yeyote asipange maisha yake kwa kuzitegemea. Ofisi ya Sengerema itafungwa tarehe 31 Oktoba. Tuliifungua wakati ambapo safari ya kutoka Mwanza ilitegemea foleni ya kivuko. Sasa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa tarehe 19 Juni, limeondoa sababu kubwa ya kuwa na ofisi upande ule, na vituo vya Sengerema vitahudumiwa kutoka Mwanza. Ofisi ya Nansio haitafungwa. Ukerewe bado ni safari ya meli, na mjamzito aliyepata dalili za hatari hawezi kusubiri ratiba ya meli ili apate mtu wa kumsindikiza hospitali. Magari mawili kati ya matano yatauzwa. Posho ya kulala nje ya kituo itashuka kutoka Shilingi 100,000 hadi Shilingi 70,000 kwa usiku mmoja kuanzia tarehe 1 Oktoba. Hakutakuwa na nyongeza ya mshahara Januari 2026.

Mishahara ya msingi ya wafanyakazi wanaobaki haitapunguzwa. Wakuu wa idara wanne wamekubali kwa maandishi kupunguziwa asilimia 10 ya mishahara yao, nami nimekubali kupunguziwa asilimia 20. Silitaji hili ili nisifiwe; nalitaja kwa sababu mtu anayeambiwa kwamba nafasi yake inaweza kufutwa ana haki ya kujua waliomwandikia wameacha nini.

Hesabu ya pengo la Shilingi milioni 924 ni hii: shughuli za vijijini, vipindi vya redio na machapisho, milioni 262, safari, posho, mafunzo na mikutano, milioni 214, magari na mafuta, milioni 96, ofisi ya Sengerema, milioni 38, mishahara ya uongozi, milioni 41. Jumla ya hayo ni milioni 651. Tuliyapitia mara tatu tukitafuta mahali pengine pa kukata, na kila mara tulibakiwa na milioni 273 ambazo hazipatikani bila kugusa nafasi za kazi. Mhasibu Mkuu ataweka jedwali lote wazi ofisini kwake kuanzia leo saa nane mchana, na yeyote anaweza kuingia na kulisoma mstari kwa mstari, ikiwamo mistari inayohusu ofisi yangu.

Nafasi zinazopendekezwa kufutwa ni nne za maafisa uhamasishaji kati ya saba, mbili za madereva kati ya watano, mbili za wahudumu wa ofisi ya Sengerema, moja ya msimamizi wa ofisi hiyo, moja ya afisa takwimu kati ya watatu, na moja ya afisa manunuzi msaidizi. Wote wanaoshika nafasi za aina hizi wako kwenye mikataba isiyo na ukomo.

Ambalo halijaamuliwa ni nani ataondoka pale ambapo nafasi inashikwa na watu zaidi ya mmoja, kwa vigezo gani, na kama ipo njia ya kupunguza idadi ya nafasi 11. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio la kupunguza wafanyakazi, aweke wazi taarifa zote zinazohusika, kisha ashauriane nao kuhusu sababu, namna ya kuepuka au kupunguza idadi, vigezo vya kuchagua, muda, na malipo. Waraka huu ndio taarifa hiyo ya kusudio. Nitakutana na wawakilishi wa tawi la chama cha wafanyakazi Alhamisi tarehe 11 na Alhamisi tarehe 18 Septemba, saa tatu asubuhi, katika ukumbi wa ofisi ya Mwanza, na wenzetu wa Nansio na Sengerema watalipiwa nauli kuhudhuria. Wapo wenzetu waliokwisha kunidokeza kwamba wangekubali kazi za nusu wiki ili mwenzao asiondoke, na mmoja amesema yuko tayari kustaafu mapema kwa hiari. Mapendekezo ya aina hiyo nitayapokea kwa uzito, mradi yazibe pengo la fedha.

Tukikubaliana, kila anayehusika atapewa barua yake mkononi, nami mwenyewe nikiwapo, Ijumaa tarehe 26 Septemba. Hakuna atakayepata habari zake kwa simu au kwa kundi la WhatsApp. Siku ya mwisho ya kazi itakuwa Ijumaa tarehe 31 Oktoba, ambayo ni notisi ndefu kidogo kuliko siku 28 zinazotakiwa na sheria. Tusipokubaliana, suala litapelekwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na tarehe hizi zitasogea. Atakayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 tangu kuachishwa kupeleka malalamiko yake kwenye Tume, na akifanya hivyo hatahesabiwa hapa kuwa adui wa mtu.

Kuhusu malipo, sheria inaweka kiinua mgongo cha siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi. Bodi imekubali siku 14. Aliyefanya kazi miaka sita kamili atalipwa siku 84 badala ya 42. Kila anayeondoka atalipwa pia mshahara hadi siku yake ya mwisho, likizo asiyoitumia, na gharama za kurudi alikoajiriwa yeye na familia yake pale inapostahili, na atapewa cheti cha utumishi. Bima ya afya yake na ya wategemezi wake itaendelea hadi tarehe 31 Desemba 2025. Fedha za malipo haya zimetengwa kwenye akiba ya shirika na hazigusi bajeti mpya. Afisa Utumishi atamsaidia kila mmoja kujaza fomu za mafao ya NSSF, likiwamo fao la kukosa ajira kwa anayetimiza masharti, kabla hajaondoka.

Kwa wanaobaki: hatutawapa kazi za walioondoka na kuziita kujitolea. Vipindi vya redio vitasimama, na kampeni za vijijini zitaendelea katika kata 15 tu kati ya 24. Barua kwa waganga wafawidhi wa vituo tunavyoviacha zitatoka wiki hii, ili wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa huko wasiendelee kutusubiri siku za kliniki.

Nimeanza katika shirika hili nikiwa afisa uhamasishaji, na ninajua mshahara mmoja wa mwisho wa mwezi unasomesha watoto wangapi na unalisha nyumba ngapi. Najua pia kwamba huruma yangu haitalipa ada ya Januari ya mtu yeyote. Mlango wangu utakuwa wazi kila siku kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni hadi tarehe 26, na Jumatano hii nitakuwa Sengerema kutwa nzima, Ijumaa Nansio. Mwenye hasira aje nayo. Maswali ya maandishi, yenye jina au yasiyo na jina, yatiwe kwenye sanduku lililoko mapokezi, na majibu yatabandikwa ubaoni kila Jumatatu.

Wenu katika kazi,

Mkurugenzi Mtendaji

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi, Katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, Afisa Utumishi, mbao za matangazo za Mwanza, Sengerema na Nansio