Hewa ukaa angani, Mauna Loa, 1958–2024: maelezo ya grafu

Grafu hii ya mstari inaonyesha wastani wa kila mwezi wa hewa ukaa (kaboni dioksidi) angani, kama ulivyopimwa katika kituo cha Mauna Loa, Hawaii, tangu Machi 1958 hadi Desemba 2024. Kipimo ni sehemu katika kila milioni za hewa. Mhimili wima umeanzia 300, si sifuri, na hilo lazima lisemwe mapema: mstari unaonekana kana kwamba umepanda mara kadhaa, ilhali ongezeko lenyewe ni theluthi moja na ushei.

Wastani wa mwaka umepanda bila kurudi nyuma hata mara moja, kutoka takriban 316 mwaka 1959 hadi karibu 425 mwaka 2024. Wastani huo ulivuka 400 mwaka 2015.

Lakini kupanda huko si kwa kasi moja, na hapa ndipo penye uzito wa grafu. Sehemu 23 za mwanzo zilichukua miaka 21, kati ya 1959 na 1980. Kati ya 2010 na 2020 ziliongezeka 24 kwa miaka kumi tu. Kwa maneno mengine, mstari haupandi tu, unapanda kwa kasi inayozidi kukua: chini ya sehemu moja kwa mwaka katika miaka ya 1960, zaidi ya mbili kwa mwaka katika muongo wa 2010.

Juu ya mwelekeo huo kuna meno ya msumeno. Kila mwaka kiwango hufika kilele mwezi Mei, kisha hushuka kwa takriban sehemu 6 hadi Septemba au Oktoba, mimea ya Nusutufe ya Kaskazini inapofyonza hewa ukaa wakati wa majira ya joto. Anayelinganisha Mei na Septemba ya mwaka uleule atadhani hewa ukaa imepungua. Mei ilinganishwe na Mei.

Mikengeuko ni michache. Kasi ilipungua waziwazi kwa takriban miaka miwili baada ya volkano ya Pinatubo kulipuka Juni 1991. Ilizidi kawaida mwaka 1998 na tena 2015–2016, vipindi vya El Niño kali. Mwaka 2020 shughuli nyingi zilisimama duniani na utoaji wa hewa ukaa ukapungua, lakini mstari haukupinda: kilichopungua ni kiasi kilichoongezwa mwaka ule, wala si kile kilichokwisha kurundikana angani.

Vipimo vya tangu Desemba 2022 hadi mapema Julai 2023 vilichukuliwa Maunakea, mlima jirani, baada ya lava ya Mauna Loa kukata umeme na barabara ya kituo. Mwelekeo wa mstari haukubadilika.