YAH: Makato nisiyoyaelewa kwenye mshahara wa Mei

Kwa Ofisi ya Mishahara,

Habari za kazi. Mshahara wangu wa Mei umeingia benki juzi ukiwa pungufu. Nimekagua hati ya mshahara mstari kwa mstari. Kodi na mchango wa pensheni havijabadilika, ila chini yake kuna mstari mpya, "Makato mengineyo", 46,500, bila maelezo yoyote. Kwenye hati ya Aprili haupo.

Sina mkopo wala sijachukua malipo ya awali. Nilikuwa na ruhusa ya siku mbili, tarehe 14 na 15, lakini ilikuwa likizo ya malipo na fomu ilisainiwa na msimamizi wangu. Huenda siku hizo zimehesabiwa kama utoro. Naomba mwanzie hapo.

Tafadhali nijulisheni makato haya ni ya nini na nani aliyaidhinisha. Kama ni makosa, naomba nirudishiwe kabla ya mshahara wa Juni, maana fedha hiyo niliitegemea kwa kodi ya nyumba.

Nimeambatisha hati zote mbili na nakala ya fomu ya likizo.

Natanguliza shukrani.

Mtunza stoo, zamu ya usiku
Namba ya mfanyakazi: 0417