Taarifa ya Kamisheni ya Septemba 2024: Wakala K-017, njia ya Misungwi, Kwimba na Magu

Namba ya taarifa: TK/2024/09/K-017
Kipindi: malipo ya wateja yaliyoingia kuanzia tarehe 1 hadi 30 Septemba 2024
Imetolewa: Jumatatu, 7 Oktoba 2024, Ofisi ya Kanda, Mwanza
Malipo kwa wakala: Alhamisi, 10 Oktoba 2024

Ndugu Wakala,

Habari za kazi. Taarifa hii haifanani na zile ulizozoea. Hadi Agosti ulikuwa unapata karatasi yenye mistari mitatu: jumla ya mauzo, kiwango cha wastani na makato kwa mkupuo. Wengi wenu mmekuwa mkipiga simu kila mwezi kuuliza asilimia ile imetoka wapi, nanyi mlikuwa na haki ya kuuliza, maana kiwango cha wastani hakimo kwenye mkataba wa yeyote kati yenu. Ukichukua mauzo yako ya mwezi huu, wastani ni kama asilimia 4.3. Hakuna godoro hata moja ulilouza kwa asilimia 4.3.

Kuanzia sasa kila shilingi ina mstari wake, na kila mstari una namba ya hati. Mistari ya mauzo inaanza na herufi S, ya makato inaanza na M. Nakala za hati zote zilizotajwa hapa zimebanwa nyuma ya taarifa hii kwa mpangilio huohuo. Kaa na kitabu chako cha maagizo, tupitie pamoja.

Viwango vilivyotumika

Vyote vinatoka kwenye Jedwali la Viwango lililoambatanishwa na mkataba wako. Toleo la 3 lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Agizo lililosainiwa na mteja kabla ya siku hiyo linabaki kwenye Toleo la 2, hata kama mzigo ulipelekwa au kulipiwa baadaye.

| Alama | Aina ya mauzo | Toleo | Kiwango |
|---|---|---|---|
| R3 | Rejareja, mtu binafsi | 3 | 6% |
| D3 | Duka, bei ya jumla | 3 | 3.5% |
| T3 | Taasisi na nyumba za wageni | 3 | 4.5% |
| T2 | Taasisi na nyumba za wageni | 2 | 5% |

Kiwango kinapigwa kwenye bei isiyo na VAT, baada ya punguzo alilopewa mteja, na kwa fedha iliyokwishaingia tu. VAT ya asilimia 18 ni ya Serikali. Kampuni inaikusanya na kuipeleka TRA, kwa hiyo haihesabiwi kama mauzo yako wala yetu. Ukitaka kuhakiki mwenyewe kwa simu, chukua alicholipa mteja, gawanya kwa 1.18, kisha zidisha kwa kiwango.

Mauzo yaliyolipwa

| Mstari | Tarehe | Mteja | Ankara | Risiti ya EFD | Alicholipa mteja | Bila VAT | Kiwango | Kamisheni |
|---|---|---|---|---|---|---|---|---|
| S1 | 4 Sept | Duka, Misungwi mjini | 3342 | 20418 | 2,596,000 | 2,200,000 | D3 3.5% | 77,000 |
| S2 | 9 Sept | Nyumba ya wageni, Magu | 3357 | 20467 | 2,017,800 | 1,710,000 | T3 4.5% | 76,950 |
| S3 | 12 Sept | Mteja wa rejareja, Ngudu | 3364 | 20489 | 566,400 | 480,000 | R3 6% | 28,800 |
| S4 | 18 Sept | Shule ya bweni, Kwimba | 3288 | 20533 | 3,186,000 | 2,700,000 | T2 5% | 135,000 |
| S5 | 26 Sept | Duka, Misungwi mjini | 3379 | 20601 | 1,947,000 | 1,650,000 | D3 3.5% | 57,750 |
| | | | | Jumla | 10,313,200 | 8,740,000 | | 375,500 |

S1 na S5 ni za duka moja: magodoro 20, kisha 15, yote kwa 110,000 kila moja bila VAT.

S2 ilikuwa magodoro 12 kwa 150,000, yaani 1,800,000. Mteja alipewa punguzo la asilimia 5, ambalo ni 90,000, kwa idhini ya meneja wa mauzo iliyoandikwa kwenye ankara yenyewe. Ndiyo maana hesabu inaanzia 1,710,000. Punguzo likitolewa bila idhini iliyoandikwa, mzigo huo hauwi wa wakala, na hauonekani kwenye taarifa yake.

Nataka uusome mstari wa S4 kwa makini kuliko mingine, kwa sababu ndio mkubwa, na ndio uliokaribia kuhesabiwa kwa kiwango kisicho chake. Mwalimu mkuu alisaini agizo la magodoro 60 kwa 90,000 kila moja tarehe 24 Juni 2024. Mzigo ulifika shuleni tarehe 2 Agosti. Shule imelipa nusu tarehe 18 Septemba. Tarehe tatu, miezi mitatu tofauti, na mfumo wetu wa hesabu ulikuwa unasoma tarehe ya malipo peke yake. Kwa tarehe hiyo ungepata T3, asilimia 4.5, yaani 121,500. Mkataba unasema tarehe inayohesabika ni ya saini ya mteja kwenye fomu ya agizo, na fomu yako namba 1126 ina saini na muhuri wa shule wa tarehe 24 Juni. Kwa hiyo unalipwa asilimia 5, yaani 135,000. Nusu iliyobaki, 2,700,000 bila VAT, shule imeahidi kwa maandishi kuilipa ifikapo tarehe 29 Novemba 2024. Itakapoingia, nayo italipwa kwa T2, na mstari wake utaitaja S4 ya taarifa hii ili usianze kutafuta upya. Tafadhali endelea kuwahimiza mawakala wenzako waandike tarehe kwenye fomu za maagizo. Fomu isiyo na tarehe haiwezi kumtetea mtu.

Mauzo ambayo hayajalipwa

Ankara 3391, duka la Kisesa, magodoro 10, bila VAT 1,100,000. Mzigo umepokelewa tarehe 23 Septemba kwa hati ya kupokelea mzigo namba 2874, lakini hadi tarehe 30 fedha haijaingia. Kamisheni yake ikilipwa yote itakuwa 38,500 kwa D3. Haimo kwenye jumla ya mwezi huu. Nimeiandika ili uione kuwa haijapotea, na ili ujue ni duka gani la kupitia kwanza.

Makato

| Mstari | Maelezo | Hati | Kiasi |
|---|---|---|---|
| M1 | Kamisheni ya magodoro 2 yaliyorudishwa | Hati ya marejesho 0158 | 7,700 |
| M2 | Kodi ya zuio, 5% ya 367,800 | Hesabu hapa chini | 18,390 |
| M3 | Fedha ya mafuta ya pikipiki, sehemu ya 1 kati ya 2 | Vocha 0772 | 50,000 |
| M4 | Upungufu wa fedha ya mteja, S3 | Hati ya benki ya 12 Sept | 6,400 |
| | Jumla | | 82,490 |

M1: magodoro hayo yalitoka kwenye risiti 19977 ya Agosti, duka la Misungwi. Yalirudishwa tarehe 11 Septemba yakiwa na mshono uliofumuka, na mkaguzi wa ghala ameandika kuwa kasoro ni ya kiwandani. Mteja amerudishiwa fedha yake. Thamani bila VAT ni 220,000, na asilimia 3.5 yake ni 7,700, ambayo ulilipwa mwezi wa Agosti. Kifungu cha 9 cha mkataba kinataka kamisheni irudi kila mauzo yanapofutwa, bila kuangalia kosa ni la nani. Mimi binafsi naona kasoro ya kiwandani haifai kumwangukia wakala aliyeuza kwa uaminifu, na nimepeleka pendekezo kwa menejimenti kifungu kitenganishe mambo haya mawili. Kwa sasa mkataba uko hivyo, nami siwezi kulipa nje yake.

M2: kodi inapigwa baada ya M1, si kabla. Agosti ulikatwa kodi juu ya ile 7,700; tungekata tena juu ya 375,500 ungekuwa umelipia kodi fedha uliyoirudisha. Kwa hiyo 375,500 toa 7,700 ni 367,800, na asilimia 5 yake ni 18,390. Hicho ni kiwango cha kodi ya zuio kwenye ada ya huduma kwa mtoa huduma mkazi, chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332. Kampuni inapaswa kuifikisha TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi iliyokatwa kuisha, yaani kabla ya tarehe 7 Novemba kupita. Cheti cha zuio chenye TIN yako kitafuata baada ya hapo. Kitunze. Fedha hii imelipwa kwa jina lako, na ndicho kitakachokupunguzia deni utakapofanya hesabu zako za kodi za mwaka.

M3: tarehe 2 Septemba ulichukua 100,000 na kusaini vocha kwamba utairejesha kwa mikupuo miwili iliyo sawa. Baada ya makato haya salio ni 50,000, litakalokatwa kwenye taarifa ya Oktoba. Hakuna riba.

M4: mteja wa Ngudu alikukabidhi 566,400 taslimu, benki ilipokea 560,000. Kamisheni yako ya S3 haikuguswa. Imehesabiwa kwa alicholipa mteja. Ikiwa tofauti ilikuwa makato ya kuweka fedha kwa wakala wa benki, leta risiti yake na kiasi kilichoandikwa humo kitarudishwa chote.

Kuna kato moja ambalo halipo, na ni vizuri ulijue. Ghala liliomba ukatwe 160,000 za godoro la sampuli linalodaiwa kubaki kwako tangu Julai. Hati ya kulitoa ghalani haina saini yako. Nimeirudisha. Kato lisilo na hati iliyosainiwa na wakala halitaingia kwenye taarifa yoyote, na neno "mengineyo" limeondolewa kabisa kwenye fomu hii.

Unacholipwa

| | |
|---|---|
| Kamisheni, S1 hadi S5 | 375,500 |
| Toa M1 | 7,700 |
| Kamisheni inayotozwa kodi | 367,800 |
| Toa M2 | 18,390 |
| Toa M3 | 50,000 |
| Toa M4 | 6,400 |
| Utakachopokea | Sh 293,010 |

Fedha itatumwa kwa M-Pesa kwenye namba uliyoisajili, inayoishia 41. Ada ya kutuma ni ya kampuni, kwa hiyo ujumbe wa simu usome 293,010 kamili. Ukisoma pungufu, usitoe fedha kwanza, nipigie.

Ukiwa na pingamizi, taja namba ya taarifa na ya mstari, kwa mfano "K-017, Septemba, M4", kisha ambatanisha hati au picha yake. Likinifikia kabla ya saa 10 jioni Jumatano tarehe 9 Oktoba, litarekebishwa kabla ya malipo. Likichelewa, litajibiwa kwa maandishi na marekebisho yataingia kwenye taarifa ya Oktoba kama mstari unaojitegemea, ukitaja mstari unaorekebishwa. Taarifa iliyokwishatolewa haitafutwa wala kuandikwa upya kimyakimya. Saini yako kwenye nakala inayorudi ofisini inathibitisha kuwa umeipokea tu. Haina maana kwamba umekubali kila mstari, na haikuondolei haki ya kuhoji.

Wako katika kazi,

Mhasibu wa Kamisheni
Ofisi ya Kanda, Mwanza

Nakala: Meneja wa Mauzo wa Kanda, jalada la wakala K-017