Tafsiri ya Notisi ya Kukatisha Upangaji: Duka Nambari 3, Majengo, Mombasa

Kwa Bi. Mwanaisha Juma,

Hii ni tafsiri kamili ya notisi uliyokabidhiwa dukani Jumatano, tarehe 28 Mei 2025. Asili yake ni Kiingereza, kurasa mbili, na imetiwa sahihi na mwenye nyumba mwenyewe. Maneno yangu nimeyatenga mwishoni ili yasichanganyike na yake.

FOMU A
Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji (Maduka, Hoteli na Sehemu za Maakuli), Sura ya 301, kifungu cha 4(2)

NOTISI YA MWENYE NYUMBA YA KUKATISHA UPANGAJI

Kwa: Mwanaisha Juma, mpangaji
Jengo: Duka Nambari 3, sakafu ya chini, Majengo, Mombasa
Kodi: Sh18,000 kwa mwezi, hulipwa kabla ya au ifikapo tarehe 5 ya kila mwezi

Mimi, Salim Khamis, mwenye nyumba wa jengo lililotajwa hapo juu, nakupa notisi ya kukatisha upangaji wako kuanzia tarehe 1 Agosti 2025.

Sababu zangu za kutaka upangaji ukatishwe ni hizi:

(1) Kwamba upangaji utakapokoma nakusudia kulijenga upya duka hilo kwa sehemu yake kubwa, yaani kuvunja ukuta wa nyuma na dari ya zege na kuongeza orofa mbili juu yake, na kwamba siwezi kwa hali ya kawaida kuifanya kazi hiyo bila kukabidhiwa duka likiwa tupu. Michoro ya ujenzi imewasilishwa kwa Serikali ya Kaunti ya Mombasa.

(2) Kwamba umekuwa ukichelewa kulipa kodi mara kwa mara: kodi ya Novemba 2024 ililipwa tarehe 19 Novemba, ya Januari 2025 tarehe 22 Januari, ya Februari tarehe 27 Februari, na ya Aprili tarehe 24 Aprili.

Nakutaka, katika muda wa mwezi mmoja baada ya tarehe ya kuipokea notisi hii, unijulishe kwa maandishi iwapo unakubali au hukubali kuitii.

Imeandikwa Mombasa, tarehe 26 Mei 2025.
(Sahihi) Salim Khamis, mwenye nyumba

MANENO YA MFASIRI (si sehemu ya notisi)

Kuna tarehe tatu za kuzingatia, na kila moja ina kazi yake. Tarehe 26 Mei ni siku ilipoandikwa tu. Hakuna muda unaohesabiwa kutoka hapo. Muda wako wa kujibu unaanzia siku uliyoipokea, 28 Mei, kwa hivyo mwezi mmoja unaishia 28 Juni 2025, ambayo ni Jumamosi. Tarehe 1 Agosti ndiyo siku upangaji unapotakiwa kukoma. Sheria inadai isipungue miezi miwili tangu kupokea, na kutoka 28 Mei miezi hiyo inatimia 28 Julai.

Notisi haikuamuru uhame mara moja, wala neno la kufukuzwa halimo. Mtu akikusomea hivyo, anaongeza lake.

Katika sababu ya kwanza, asili inasema michoro "imewasilishwa". Haisemi imeidhinishwa. Nimeliacha neno hilo lilivyo, na ni vizuri wakili wako aliangalie.

Sababu ya pili inakulaumu kwa kuchelewa, si kwa kudaiwa. Hakuna mahali ambapo mwenye nyumba anasema una malimbikizo ya kodi, na hajataja hata shilingi moja unayodaiwa. Sheria inazitaja hali hizo mbili katika kifungu kimoja, cha 7(1)(b), lakini si kitu kimoja, nami singeweza kuandika "hujalipa kodi" pale alipoandika kwamba ulilipa baada ya siku yake. Risiti zako za miezi hiyo minne ziweke karibu, uzilinganishe na tarehe alizotaja.

Kuna jambo ambalo notisi haikulitaja, nami ningeona vibaya kulinyamazia. Chini ya kifungu cha 6, mpangaji anayepinga anaweza kupeleka shauri kwa Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya siku notisi inapoanza kufanya kazi, kwako ni kabla ya 1 Agosti. Akishafanya hivyo, notisi haifanyi kazi mpaka shauri liamuliwe. Kumjibu mwenye nyumba ifikapo 28 Juni ni hatua moja. Kwenda barazani ni nyingine. Ukipitisha siku hizo bila kufanya lolote, kifungu cha 10 kinairuhusu notisi ishike kama ilivyoandikwa.

Nathibitisha kwamba tafsiri iliyo kati ya "FOMU A" na sahihi ya mwenye nyumba ni sahihi na kamili, bila kupunguza wala kuongeza. Nakala ya asili nimeiambatisha.

Mfasiri, Mombasa, 30 Mei 2025