Mahojiano ya afisa wa kahawa, Mbale: maelekezo ya video ya sekunde 45

Tengeneza video moja ya sekunde 45, isiyokatwa popote, ya mama wa makamo anayehojiwa ofisini kwake mjini Mbale, mashariki mwa Uganda. Ni afisa ugani wa kahawa, miaka kama 52, na amezunguka mashamba ya mteremko wa mlima Elgon kwa miaka mingi. Watakaomtazama ni wakulima wa Sironko na Bulambuli, wengi wao kwenye simu ndogo, na uso wa bandia wataung'amua haraka. Kwa hiyo utulivu na ukweli wa uso vitangulie uzuri wa picha.

Mama ana nywele fupi za asili, mvi chache kwenye paji, na mikunjo midogo pembeni mwa macho. Ngozi yake ni nyeusi ya kahawia iliyokolea, na ibaki hivyo hivyo: isipaushwe, isilainishwe, vinyweleo na kijikovu kidogo cha kidevuni vionekane. Amevaa blauzi ya kitenge ya bluu iliyoiva yenye maua makubwa ya manjano, na kila ua likae mahali pake tangu mwanzo hadi mwisho, maana kitenge kinachotambaa chenyewe kwenye bega huharibu kila kitu. Hereni ndogo za dhahabu, pete moja nyembamba, basi. Uso usifanane na wa mtu maarufu yeyote.

Picha ni ya kifua kwenda juu, umbo la 16:9, 1920×1080. Kamera imesimama kwenye miguu mitatu, kimo cha macho yake, haisogei, haivuti karibu, haitikisiki hata chembe. Lenzi ya milimita 50, mwanga f/4, macho yakionekana wazi kabisa na ukuta wa nyuma umefifia kidogo tu. Macho yake yakae kwenye theluthi ya juu ya fremu. Yeye yuko kulia kidogo, akimtazama kijana anayemhoji, aliyeketi kushoto mwa kamera asikoonekana. Asiitazame lenzi hata mara moja. Fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, kwa kuwa umeme wa Uganda ni wa hezi 50 na taa ya ofisi isionekane ikichezacheza.

Ofisi ni ya kawaida. Ukuta umepakwa rangi mbili, krimu juu na kahawia ya mafuta chini. Kuna kabati la mbao lenye mafaili, na juu yake sahani ya bati yenye buni zilizokauka. Dirisha lenye nondo liko kushoto, nje ya fremu, na mwanga wa saa tatu asubuhi unaingia laini kupitia pazia jepesi na kugusa shavu lake la upande wa dirisha. Upande wa kulia kivuli ni chepesi, cha mwanga uliorudishwa na ukuta. Usiweke kalenda, bango, wala picha ya mtu yeyote ukutani. Migongo ya mafaili isiwe na maandishi, kwa sababu herufi zilizoharibika huvuta jicho kabla ya uso.

Macho ndiyo kazi kubwa hapa. Mtu aliyetulia hupepesa kama mara 15 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo katika sekunde hizi 45 apepese kati ya mara 11 na 15. Nafasi zisilingane: sekunde mbili, kisha tano, kisha mara mbili za karibu karibu, kisha nne. Kope zote mbili zishuke pamoja, haraka, na zipande polepole kidogo kuliko zilivyoshuka. Mengi ya mapepeso yaangukie mwisho wa sentensi au pale anapovuta pumzi, yasiangukie katikati ya neno lenye uzito. Anaposikiliza swali apepese mara moja na kutikisa kichwa kidogo kukubali. Anapotafuta neno, macho yashuke mezani kwa nusu sekunde, kisha yarudi kwa kijana.

Swali linasikika kwa sauti ya chini, nje ya fremu: "Mama, kahawa ya kijiji kimoja inapata bei mbili tofauti. Ni kwa nini?"

Anajibu kwa Kiswahili cha Mbale, mwendo wa taratibu, sauti nzito kidogo yenye lafudhi ya Kigisu:

"Mwanangu, siri iko kwenye kuchuma. Tunda likiwa jekundu, lichume. Likiwa bado kijani, liache mtini, utalirudia. Wengi huchuma yote kwa mpigo mmoja kwa sababu ya ada ya shule, nami nawaelewa. Lakini buni changa ni nyepesi, na mnunuzi akiionja anaijua. Baada ya kuchuma, imenye siku hiyo hiyo. Ianike juu ya chanja, si chini kwenye udongo. Na mvua ikikaribia, funika kwanza, mengine baadaye."

Midomo iendane na Kiswahili, isiendane na lugha nyingine. Maneno karibu yote huishia kwa irabu, hivyo mdomo ufunguke tena mwisho wa kila neno. Kwenye m, b na p midomo igusane kabisa. M ya "mtini" ni silabi nzima: midomo ikae imefungwa kitambo kifupi kabla ya t. Kwenye "mvua" mdomo wa chini uguse meno ya juu. Ulimi usionekane ovyo, na meno yasibadilike idadi.

Mikono miwili imetulia juu ya meza, chini kabisa ya fremu, vidole vitano kila mmoja, kucha fupi, ngozi ya mtu aliyeshika jembe. Isogee mara tatu tu. Kwenye "jekundu", kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia vikutane kama vimeshika tunda moja, kwa chini ya kidevu, kisha vishuke. Kwenye "juu ya chanja", kiganja kitandazwe kikiangalia chini, kimo cha kifua, kama anaonyesha urefu wa chanja. Kwenye "funika kwanza", kiganja hicho hicho kishuke polepole na kutulia mezani. Hakuna kunyoosha kidole, hakuna mkono kupita mbele ya uso. Baada ya "nawaelewa" anyamaze sekunde nzima, mikono ikiwa imelala. Hapo nyusi zipande kidogo katikati, kwa huruma ya mtu aliyewahi kulipa ada hiyo mwenyewe. Asitabasamu hapo.

Mabega yapande na kushuka kwa pumzi. Kichwa kiegemee kidogo tu, kisizunguke kama cha mwanasesere.

Sauti ni ya maikrofoni ndogo ya kubana kolani, safi, karibu. Nyuma isikike ofisi tulivu, na bodaboda moja tu ikipita mbali baada ya "udongo". Hakuna muziki.

Epuka: kamera kuelea, ukuta kupinda, hereni kubadilika, vidole kuungana, macho kukodoa bila kupepesa, ngozi ya plastiki, maandishi chini ya picha.

Sekunde mbili za kwanza ni ukimya kabla ya swali. Baada ya "baadaye" asiseme tena. Avute pumzi, apepese mara moja, aendelee kumtazama kijana kwa sekunde mbili, kisha picha ikome hapo bila kufifia.